Bakteria Wanavyopanda Kutoka Kibofu Hadi Figo, na Kwa Nini UTI Huwaandama Zaidi Wanawake

Tumchukue mwanamke mmoja wa miaka 26, mzima wa afya, hana kisukari wala ujauzito. Jumatatu asubuhi anakwenda haja ndogo na mkojo unamchoma, hasa matone ya mwisho. Kufika saa sita mchana ameshakwenda mara nane, na kila akienda yanatoka matone tu, huku chini ya kitovu kunavuta kama siku za hedhi. Homa hana. Jioni dada yake anampa vidonge vinne vilivyobaki siku alipougua yeye. Ni antibiotiki iitwayo nitrofurantoini, ya miligramu 100, anameza kimoja jioni na kimoja asubuhi. Jumatano vidonge vimekwisha, mkojo hauchomi tena, naye anajihesabu amepona.

Jumapili usiku anaamka akitetemeka, meno yanagongana. Amejifunika mablanketi mawili na baridi bado haimwachi. Upande wa kulia wa mgongo, pale mbavu zinapoishia, kuna maumivu mazito yanayomzuia hata kugeuka kitandani, na maji aliyokunywa yamerudi yote.

Watu wa nyumbani watasema ameshikwa na ugonjwa mwingine. Kumbe ni bakteria walewale wa Jumatatu, ila sasa wako ghorofa ya juu. Nimekaa na wanawake wengi wenye hadithi ya namna hii, na karibu wote waliuliza maswali mawili: kwa nini mimi na si mume wangu, na imefikaje mgongoni wakati ilianzia chini?

Tuanze na anakotoka huyo bakteria. Katika kila wanawake kumi wanaopata UTI ya kawaida, karibu wanane imeletwa na E. koli, bakteria anayeishi kwa amani ndani ya utumbo mpana wa kila mtu. Huko utumboni hana ubaya. Ubaya unaanza anapohama. Anatoka na haja kubwa, anabaki kwenye ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa, anasogea taratibu hadi kwenye mlango wa uke, na kutoka hapo hadi tundu la mkojo ni hatua fupi mno, na njia yote ina unyevu unaomfaa.

Kwa hiyo, mara nyingi bakteria anayemuumiza mwanamke ni wa mwili wake mwenyewe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wengi wanaamini UTI huokotwa kwenye choo kichafu, na wapo wanaoona aibu kana kwamba wametuhumiwa uchafu au uzinzi. Kukalia choo si njia inayoleta ugonjwa huu. Wala si ugonjwa wa zinaa, ingawa tendo la ndoa lina mchango wake: msuguano husukuma bakteria waliokuwa nje ya tundu la mkojo na kuwaingiza ndani. Mwanamume hakuja na ugonjwa. Amewasogeza tu waliokuwa mlangoni tayari.

Wakishaingia, safari ya kwanza ni fupi. Mrija unaotoa mkojo kutoka kibofuni kuja nje una urefu wa kama sentimita 4 kwa mwanamke. Ukitaka kuuona, tazama kidole chako cha shahada: hautimizi hata pingili zake mbili. Kwa mwanamume mrija huo una kama sentimita 20, unapita ndani ya uume, na tundu lake liko mbali na njia ya haja kubwa, mahali pakavu. Juu ya hayo, tezi dume humwaga humo majimaji yenye zinki ambayo bakteria hawayapendi. Ndiyo maana kijana wa kiume akipata UTI daktari hushtuka kidogo na kutafuta sababu, na mzee wa kiume akipata huangaliwa kama tezi dume iliyovimba imeubana mkojo usitoke wote.

Hata hivyo, urefu wa mrija peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Wanawake wote wana mrija mfupi, lakini karibu nusu yao hupita maisha yote bila kuugua UTI hata mara moja, huku wengine ikiwarudia kila baada ya miezi michache. Tofauti kubwa iko kwenye ulinzi wa mlangoni, yaani ukeni. Uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa unakaliwa na bakteria wema waitwao laktobasili. Hawa hula sukari inayotoka kwenye seli za uke na kuigeuza kuwa asidi, mpaka pH inashuka na kukaa kati ya 3.8 na 4.5. E. koli anaona taabu kustawi kwenye ukali huo, na nafasi za kujishikiza nazo zimeshakaliwa.

Kinachowalisha laktobasili ni homoni ya estrojeni, kwa sababu ndiyo inayozifanya seli za uke ziweke akiba ya sukari. Hedhi inapokoma, estrojeni hushuka, sukari hupungua, laktobasili hutoweka na asidi hulegea. Mama wa miaka 60 ambaye hakuwahi kuugua anaanza kuugua UTI mara tatu kwa mwaka, na hajabadilisha chochote katika usafi wake. Mama kama huyo mara nyingi hunufaika na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kuliko antibiotiki za kila mara, na inasikitisha kwamba wengi hawajawahi kuisikia.

Ulinzi huo huo unaweza kuvunjwa kwa mikono yetu. Dawa za kuua mbegu za kiume zinazowekwa ukeni huwaua laktobasili pia. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni na dawa za manukato kunawaondoa. Antibiotiki uliyomeza kwa ajili ya kikohozi nayo haichagui: inawafyeka wema pamoja na wabaya, na wa kwanza kurudi kwenye uwanja mtupu anaweza kuwa E. koli. Kwa upande mwingine, mambo ambayo wanawake hulaumiwa nayo sana, kama aina ya chupi au namna ya kujifuta, yamechunguzwa na ushahidi dhidi yake ni mdogo. Kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma ni desturi nzuri, endelea nayo, lakini usimwambie mgonjwa kwamba ndiyo kosa lake.

Ndani ya kibofu

Bakteria akifika kibofuni hajashinda bado. Kibofu kina silaha moja kubwa na rahisi: kinajimwaga. Kila mkojo unapotoka, unawabeba wageni na kuwatupa nje. Ili asibebwe, E. koli wa aina inayosababisha UTI ana vinywele vyembamba mwilini vyenye ncha inayonasa kwenye sukari iliyo juu ya seli za kibofu. Ananasa kama mbegu za majani zinavyonasa kwenye nguo. Mwili nao umejibu kwa ujanja: figo hutengeneza protini iitwayo uromodulini yenye sukari kama ile ile, inaelea kwenye mkojo, bakteria anainasa akidhani amefika ukutani, kisha anakojolewa pamoja nayo.

Wakati ndio unaoamua nani atashinda. Tuseme bakteria mmoja anagawanyika kuwa wawili kila nusu saa, na mwanamke amelala saa nane bila kwenda haja ndogo. Nusu saa ziko 16. Yule mmoja amekuwa 65,536. Kama walioingia walikuwa mia, asubuhi wamezidi milioni sita. Hesabu hii ni ya mfano tu, kwani mwili haukai kimya, lakini inaonyesha kwa nini kubana mkojo kutwa nzima ni kuwapa nafasi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio kwa wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa na UTI za kujirudia na waliokuwa wakinywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu za maji kila siku kwa mwaka mzima. Waliugua kwa wastani mara 1.7, na wenzao ambao hawakuongeza maji waliugua mara 3.2.

Kuchoma, kwenda mara kwa mara na kuvuta chini ya kitovu ni ukuta wa kibofu uliovimba ukilalamika. Mkojo ukijikusanya kidogo tu, ukuta huo unadhani umejaa. Seli zake za juu, zilizoshikwa na bakteria, zinajibandua na kutoka na mkojo, wakati mwingine na damu. Ni namna ya kibofu kuvua nguo iliyochafuka. Tatizo ni kwamba baadhi ya bakteria wameshajipenyeza ndani ya seli zilizobaki chini, na humo wanaweza kulala wiki kadhaa. Hii ni sababu mojawapo ya UTI kurudi kwa mtu aliyemaliza dawa vizuri.

Yote haya bado ni ugonjwa wa kibofu, na unakera kweli, lakini hauleti homa kali. Shika hilo la homa, tutalirudia.

Kupanda dhidi ya mkondo

Kutoka kibofuni hadi kwenye figo kuna mirija miwili, mmoja kila upande, inayoitwa ureta. Kila mmoja una urefu wa sentimita 25 hadi 30. Mkojo unashuka, bakteria wanapanda. Wanawezaje?

Kwa kawaida hawawezi, kwa sababu ya vizuizi viwili. Cha kwanza ni jinsi ureta inavyoingia kibofuni. Haitoboi ukuta moja kwa moja, bali inapita kimshazari ndani ya unene wake kabla ya kutokea upande wa pili. Chukua mrija laini wa mpira, ulaze chini ya godoro, halafu kaa juu yake: unabanika. Kibofu kinapojaa au kinapojikamua, ukuta wake unakibana kipande hicho cha ureta, na mkojo haurudi juu. Kizuizi cha pili ni ureta yenyewe. Haikai tu kama bomba, ina misuli inayojikunja kwa mawimbi kutoka juu kwenda chini mara kadhaa kila dakika, na kila wimbi linasukuma mkojo kidogo kuelekea kibofuni.

Kibofu kikivimba sana, kile kipande kilichopita ukutani kinakakamaa na hakibaniki vizuri tena. Sumu zinazotoka kwenye E. koli hulegeza misuli ya ureta, mawimbi yanapungua nguvu, na mkojo unaotuama ni ngazi kwa bakteria mwenye mikia ya kuogelea. Na kuna E. koli wengine wana aina ya pili ya vinywele, ambavyo ncha yake inashika vizuri zaidi kwenye seli za figo kuliko za kibofu. Mwenye silaha hizo zote ndiye anayepanda mara nyingi. Kwa hiyo wanawake wawili wanaweza kupata UTI siku moja, mmoja ikaishia kibofuni na mwingine ikapanda, na aliyepandwa hakufanya uzembe wowote.

Wapo ambao ngazi imeshasimamishwa tayari. Mtoto aliyezaliwa na kile kipande cha ureta kikiwa kifupi mno, mkojo wake hurudi juu kila anapokojoa. Mwenye jiwe lililoziba ureta ana mkojo uliotuama nyuma ya jiwe. Mwenye kisukari cha miaka mingi, mishipa ya fahamu ya kibofu ikiwa imechoka, anabakiza mkojo kila mara.

Halafu yuko mjamzito, ambaye ningependa kila mkunga amfikirie kwanza. Homoni ya projesteroni inalegeza misuli ya ureta zake, na tumbo linapokua, mfuko wa uzazi unazikandamiza, hasa ile ya kulia. Mjamzito anaweza kuwa na bakteria wengi kwenye mkojo asihisi chochote. Kwa mtu mwingine mzima wa afya, bakteria wasio na dalili huachwa bila dawa. Kwa mjamzito hawaachwi, kwani wasipotibiwa, figo huweza kushambuliwa kwa hadi mmoja kati ya watatu, na homa ya figo huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Ndiyo maana hupimwa mkojo mapema anapoanza kliniki hata kama anasema yuko salama.

Kinachotokea figoni

Sehemu ya ndani ya figo ni mahali pagumu kwa askari wa mwili. Kuna chumvi nyingi, kwa sababu ndipo mkojo unapokolezwa, na oksijeni ni kidogo. Chembe nyeupe za damu hazifanyi kazi vizuri humo. Bakteria wakifika, wanapata muda wa kuzaliana kabla hawajakamatwa.

Figo inavimba. Imefungwa na utando mgumu kama ganda, na utando huo ukivutwa ndipo linapokuja lile gandamizo zito la mgongoni chini ya mbavu. Na figo hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma. Kutoka kwenye tishu ya figo kuingia kwenye damu ni kizingiti kidogo. Vipande vya ganda la bakteria vikiingia humo, ubongo unapandisha joto la mwili, na mgonjwa anatetemeka kama tulivyomwona Jumapili usiku. Kibofu kinaweza kuuma wiki nzima bila kuleta hali hiyo.

Basi mpaka ni huu: homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, na kutapika. Mtu mwenye UTI akipata hata homa na kutetemeka tu, asisubiri, amwone daktari. Na asidanganyike kwa kuwa mkojo hauchomi, kwani wapo wenye ugonjwa wa figo ambao kuchoma kumeshaisha au hakukuwepo kabisa.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Jumatatu ya pili yuko mbele ya daktari, joto lake nyuzi 39.2. Daktari anaweka kiganja upande wa kulia wa mgongo wake na kukigonga taratibu kwa ngumi. Mgonjwa anaruka. Upande wa kushoto, kimya. Anapimwa kwanza kama ana ujauzito, maana jibu hilo linabadilisha uchaguzi wa dawa. Kisha anatoa mkojo: wa mwanzo anauacha upotee, wa katikati anaukinga.

Kijiti cha kupimia kinaonyesha chembe nyeupe nyingi, lakini alama ya naitraiti haikubadilika rangi. Hapa wengi hukosea wakasema hana UTI. Naitraiti hutengenezwa na bakteria wakiwa kwenye mkojo uliokaa kibofuni kwa saa kama nne, na huyu anakojoa kila robo saa. Hakuwapa muda. Kosa la upande wa pili nalo lipo, na nimeliona mara nyingi zaidi: mkojo uliochanganyika na ute wa uke unaonyesha chembe nyeupe kadhaa, mtu hana dalili yoyote, anaambiwa ana "UTI sugu" na anamezeshwa antibiotiki mwezi hadi mwezi, mpaka laktobasili wake wameisha na ugonjwa wa kweli ukaja. Ndiyo maana huyu mkojo wake unapelekwa kuoteshwa maabara, kabla ya dozi ya kwanza.

Kwa kuwa anatapika, dawa inaanza kwa sindano. Jumanne bado ana homa, Jumatano imeshuka, anakula kidogo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: ndani ya siku mbili hadi tatu mgonjwa awe ameonyesha nafuu. Asingeonyesha, angepigwa picha ya altrasaundi kutafuta jiwe, jipu au mkojo uliozibwa, kwa sababu dawa peke yake haiponyi figo iliyoziba.

Jumatano hiyo hiyo majibu ya maabara yanafika. E. koli, zaidi ya 100,000 kwa kila mililita ya mkojo. Chini yake kuna orodha ya dawa zinazomuua, na mgonjwa anaisoma mwenyewe.

"Daktari, hii nitrofurantoini si ndiyo nilipewa na dada? Hapa imeandikwa inamuua."

"Inamuua kweli, dada. Inamuua kwenye sahani ya maabara, na inamuua kwenye mkojo, maana figo huisukuma kibofuni na huko inajaa. Lakini kwenye nyama ya figo yenyewe inabaki kidogo sana. Zile nne zilisafisha kibofu nusu, ndiyo maana ulipata nafuu. Dozi ya kibofu ni siku tano. Na waliokuwa wameshapanda hazikuwagusa."

Anamwandikia dawa nyingine kutoka kwenye orodha ile ile, inayoingia ndani ya tishu, ya kumeza nyumbani hadi zitimie siku kumi tangu sindano ya kwanza.